Kioo Kimeganda, Bibi Yuko Pangani

Simu ya bibi ikiganda, maelekezo hayawezi kumfikia kwa simu hiyohiyo. Lazima yapitie kwa mtu mwingine: jirani, mwenye duka, mtoto anayetoka shule. Kwa hiyo ujumbe wa kumsaidia una wasikilizaji wawili, yule aliyeshika simu ya kuazima na kusoma kwa sauti, na bibi mwenyewe ambaye kiganjani ana kioo kisichosikia. Wengi wetu huandika kana kwamba msomaji ni mmoja, tena kijana, tena anajua kila kitufe kilipo. Bibi akisomewa maneno yale anaanza kubonyeza huku na kule, na simu iliyokuwa imeganda tu inaishia kufungwa laini.

Nitachukua mfano mmoja na kwenda nao mpaka mwisho. Bibi anakaa Pangani, mjukuu wake wa kike yuko Dar es Salaam. Simu ni ya kupangusa, ya mfumo wa Android, ilikuwa ya mjukuu kabla ya kushuka kwa bibi, na stoo yake ni ya GB 32. Asubuhi bibi alikuwa akitazama video ya harusi iliyotumwa kwenye kundi la ukoo. Picha ikasimama, bibi harusi mkono juu, na tangu hapo kila akigusa hakuna kinachosogea. Anataka kumpigia binti yake na hawezi. Mtoto wa jirani, wa darasa la sita, amechukua simu ya mama yake na kumpigia mjukuu: "Dada, simu ya bibi imeganda, anasema ameiua."

Kabla ya kuandika neno lolote, mjukuu anatakiwa ajue kilichotokea ndani ya ile simu, kwa sababu ahadi atakazompa bibi zinategemea hapo. Simu ina nafasi mbili ambazo watu huzichanganya. Moja ni stoo, ambamo picha, video na programu hubaki hata simu ikizimwa. Nyingine ni nafasi ya kufanyia kazi, ndogo zaidi, ambamo simu huweka kile tu inachokishughulikia kwa wakati ule. Ni kama fundi cherehani: vitambaa vyote viko kabatini, lakini cha kushonwa lazima kije mezani, na meza ikijaa kazi inasimama japo fundi yupo. Video ikitaka nafasi isiyokuwepo, programu inakwama ikisubiri, mfumo wa simu nao unaisubiri programu, na kioo kinabaki kuonyesha picha ya mwisho kilichochora. Stoo nayo ikiwa imejaa pomoni hali huwa mbaya zaidi, maana simu huhitaji nafasi humo pia ya kuandika mambo yake madogomadogo kila dakika. Kuizima simu kwa nguvu na kuiwasha kunafagia meza tu, kabati haliguswi. Ndiyo maana mjukuu anaweza kumwambia bibi kwa uhakika kwamba picha zake hazitapotea kwa kuzima na kuwasha.

Asichoweza kumwambia bado ni kwamba simu haijaharibika. Hilo halijui. Bibi akiahidiwa kwamba simu ni nzima, kisha ikaonekana kioo kimekufa, ujumbe unaofuata hatauamini. Basi ujumbe wa kwanza uwe hivi, kwa sauti au kwa maandishi, na usizidi hapa:

"Bibi, shikamoo. Ni mimi mjukuu wako. Hatua nitakazokupa hazifuti picha wala namba za watu. Na hela zako hazikai ndani ya kile kidude, ziko kwa kampuni kwenye laini yako. Sasa hivi kaa kivulini. Chomoa chaji kama umeichomeka. Iweke simu juu ya kanga, usibonyeze kitu. Naipigia. Mwambie huyo mtoto aniambie kama inalia."

Kila sentensi pale ina kazi yake. Kivuli, kwa sababu simu iliyopata moto hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue, na ikizidi hukataa kazi. Kuchomoa chaji, kwa sababu chaji duni hutoa umeme usiotulia unaokichanganya kioo, mpaka kinajigusa chenyewe au hakihisi kidole. Maneno kuhusu hela, kwa sababu bibi wengi wanaoweka akiba kwenye simu hudhani hela imo ndani ya kioo kilichoganda, na hofu hiyo ndiyo inayowafanya wabonyeze kila kitu. Kusema "usibonyeze" ni muhimu kuliko yote: simu iliyokwama inapokea miguso na kuipanga foleni, na ikizinduka inaweza kuitekeleza yote kwa mpigo, ikampigia mtu au kufuta kitu.

Kisha mjukuu anapiga. Hapa ndipo anapopata habari ambayo bibi asingeweza kumpa hata angeulizwa mara ngapi. Simu ikilia na bibi akashindwa kuipokea, maana yake simu iko hai, laini iko hai, mtandao upo, na kilichokwama ni kioo au kile kilicho mbele ya kioo. Akiambiwa mteja hapatikani, huenda simu imezimika kabisa, au imeganda hadi kwenye mizizi, au Pangani mtandao umekatika. Hilo la mwisho atalijua kwa kumuuliza mtoto kama simu ya mama yake ina mtandao, na kwa kuwa wanaongea, upo, ila kama laini ya bibi ni ya kampuni nyingine hiyo si hoja. Ikiita upande wa mjukuu lakini Pangani mtoto hasikii kitu, anaulizwa kama kioo kimebadilika au simu imetetemeka. Bibi huenda aliizima sauti bila kujua.

Kwenye mfano wetu, simu inalia. Mtoto anasema, "Inalia, dada, jina lako limetokea, bibi anavuta ile alama ya kijani haiji."

Jina limetokea. Kumbe kioo kinachora, ila hakisikii. Kwa hiyo simu haijaganda yote, na wengi hapa wangerukia kuizima kwa nguvu. Mimi ningesimama kidogo nimwangalie bibi mwenyewe. Kioo cha simu hizi hakihisi msukumo, kina umeme mdogo juu yake na kinahisi jinsi ngozi ya mtu inavyoubadilisha. Maji, mafuta ya nazi, unga wa mkononi, vyote vinaukoroga umeme huo. Na vidole vya wazee, vilivyokaushwa na miaka ya jembe, sabuni na moto wa jikoni, mara nyingi vina unyevu mdogo mno kwa kioo kuviona. Bibi anabonyeza kwa nguvu zaidi, na nguvu haisaidii. Hivyo ujumbe wa pili:

"Bibi, futa kioo kwa kanga kavu. Nawa mikono, ikaushe. Kisha pumulia ncha ya kidole kama unavyopumulia miwani. Gusa kioo mara moja, polepole, kwa nyama ya kidole, si kwa ukucha. Ukimaliza, mpe mtoto naye aguse."

Mtoto akigusa na kioo kikaitika, tatizo limejulikana: simu ni nzima, kidole ndicho kilichokauka. Akigusa na hakuna kitu, tunaendelea.

Kabla ya kuendelea kuna swali moja la kumuuliza mtoto, na ningeomba kila mwenye bibi mwenye simu ya Android alikariri: simu inasema maneno yenyewe ukiigusa, au inachora kiboksi cha rangi kuzunguka kitu ulichogusa? Ikiwa ndiyo, haijaganda hata kidogo. Imewashwa TalkBack, chombo kilichotengenezwa kwa wasioona, ambacho husoma kwa sauti kila kilicho chini ya kidole. Kikiwa kimewashwa, kugusa mara moja hakufungui kitu, kunachagua tu. Kufungua ni kugusa mara mbili harakaharaka, na kusogeza ukurasa ni kwa vidole viwili. Kwa asiyejua, simu inaonekana imekataa kazi. Chombo hicho huwashwa kwa kubana vitufe vyote viwili vya sauti kwa sekunde chache, jambo linalotokea kwa urahisi bibi akiishika simu kwa nguvu au akiibana kwenye pindo la kanga. Kinazimwa kwa njia ileile: bana vitufe vya sauti vyote viwili pamoja, hesabu hadi tano, achia. Simu isiyokuwa na dalili hiyo usiijaribie, unaweza ukaiwashia kile ulichotaka kukizima.

Kwa bibi wa Pangani, hakuna sauti wala kiboksi. Picha ya bibi harusi imerudi, mkono bado juu. Sasa ndiyo zamu ya kuzima kwa nguvu, na ujumbe wake unahitaji uangalifu kuliko yote, kwa sababu bibi ataufanya kwa mkono, si kwa macho. Usimwambie "pawa" wala "ubavuni" tu. Mjukuu ana bahati, simu ilikuwa yake, anakumbuka vitufe vilipo. Asiyejua amwombe mtoto aipige picha ile simu kwa ubavu na kuituma, ni kazi ya dakika moja inayookoa saa nzima ya kubishana.

"Bibi, ishike simu kioo kikutazame. Upande wa mkono wako wa kulia, pitisha kidole kutoka juu kwenda chini. Utagusa kitufe kirefu. Hicho kiache. Chini yake kuna kifupi. Umekipata? Mwambie mtoto aseme ndiyo."

Hapo mjukuu ananyamaza. Ujumbe unaishia hapo, haupeleki hatua inayofuata mpaka jibu lirudi. Kwenye ujumbe wa sauti hili ni rahisi: hatua moja, ujumbe mmoja mfupi, ili mtoto aweze kurudia kuusikiliza bila kurudi mwanzo wa hotuba. Jibu la ndiyo likija:

"Bana hicho kifupi, usikiachie. Chukua tasbihi kwa mkono wa pili, vuta subhanallah thelathini na tatu, taratibu kama ulivyozoea. Kioo kikiandika kitu, wewe endelea kubana. Kikizima kikawa cheusi, na simu ikatetemeka au ikaonyesha jina la kampuni, achia hapohapo."

Tasbihi si pambo. Mwongozo wa Android ni kubana kitufe cha kuwashia kwa takriban sekunde 30, na mtu mwenye wasiwasi akiambiwa thelathini huhesabu kwa pumzi moja na kuachia sekunde ya kumi na mbili. Punje 33 zikivutwa kwa utaratibu wa baada ya sala zinaivuka nusu dakika bila kusukumwa. Kwa bibi wa dini nyingine, au asiyependa kuchanganya ibada na simu, mtoto ahesabu kwa sauti huku akitazama saa ya simu ya mama yake. Simu nyingi huzima mapema zaidi, sekunde ya kumi au ya kumi na tano, lakini anayeambiwa ndefu na ikawahi hufurahi, na anayeambiwa fupi na ikachelewa huachia.

Kitufe hiki kinafanya kazi hata simu ikiwa imeganda kwa sababu hakiombi ruhusa kwa mfumo uliokwama. Kinasomwa na sakiti ndogo inayosimamia umeme, na ikiona kimebanwa muda wa kutosha inakata. Kwenye simu za zamani tulikuwa tunachomoa betri kwa nyuma. Siku hizi betri zimefungiwa ndani, na kubana huku ndiko kulikochukua nafasi yake. Simu za Samsung haziridhiki na kitufe kimoja: unabana cha kuwashia na cha kupunguza sauti, vyote viwili pamoja, zaidi ya sekunde saba. Aina nyingine pia hutaka viwili, kwa hiyo kitufe kimoja kikishindwa kwa nusu dakika nzima, jaribio la pili liwe la viwili, cha kuwashia na cha kupunguza sauti, na kuachia mara tu simu inapotetemeka au jina la kampuni linapotokea.

Msisitizo wa kuachia una sababu. Anayeendelea kubana vitufe wakati simu inawaka anaweza kuipeleka kwenye ukurasa mweusi wa mafundi, wenye mistari ya Kiingereza. Bibi akiona hivyo atadhani ameimaliza. Mtoto asome mistari ile. Mmoja umeandikwa "Reboot system now", kwa kawaida ndio wa kwanza na tayari umekolezwa, na kubonyeza kitufe cha kuwashia mara moja kunairudisha simu kwenye hali yake. Mwingine umeandikwa "Wipe data/factory reset". Huo unafuta kila kitu, picha za marehemu babu zikiwemo. Kwenye ukurasa huo vitufe vya sauti ndivyo vinavyopandisha na kushusha, hivyo mtoto akichezacheza navyo anaweza kutua pabaya. Mwambie aseme mstari uliokolezwa unasomekaje kabla hajabonyeza kitu. Kama ukurasa haufanani na huu, wasibonyeze chochote, wabane tena kitufe cha kuwashia peke yake kwa nusu dakika.

Mfano wetu haukufika huko. Kwenye punje ya ishirini na kitu mtoto anasema, "Imezima! Imetetemeka, bibi ameachia." Ujumbe unaofuata ni wa kusubiri tu: simu ilalie kanga, mtu asiiguse. Simu kongwe yenye stoo iliyojaa inaweza kuchukua dakika kadhaa kuwaka, na anayeibonyeza kwa kukosa subira anaikatia safari katikati. Mjukuu asikate simu. Amuulize bibi habari za maembe, habari za mguu, muda utapita.

Hatari kubwa kuliko kuganda inakuja sasa, na ujumbe mwingi unaishia kabla ya kuitaja. Simu iliyowaka upya inaomba siri zake, na zinaweza kuwa mbili. Ya kwanza ni ya laini, ikiwa laini iliwekewa namba ya siri. Ya pili ni ya simu yenyewe. Bibi amezoea kufungua simu kwa kidole gumba, na sasa kidole kinakataliwa. Hakuna kilichoharibika, simu za Android zikitoka kuwashwa haziamini kidole mpaka kwanza ziandikiwe namba au zichorewe mchoro wa kufungulia. Bibi wengi wamesahau namba ile kwa sababu kidole kiliwafanyia kazi miaka miwili.

"Bibi, simu sasa inakuomba namba. Usijaribu bado. Mwambie mtoto anisomee maneno yaliyo juu ya namba. Kama yana neno SIM, ni ya laini. Kama hayana, ni ya simu."

Kutofautisha huku ndiko kunakookoa laini. Namba ya siri ya laini ikikosewa mara tatu, laini inafungwa na kudai namba ndefu ya kufungulia iitwayo PUK. Hiyo nayo ikikosewa mara kumi, laini inakufa moja kwa moja na itabidi bibi aende kwa wakala kurudishiwa namba yake, na kitambulisho chake mkononi. Kwa hiyo sheria ya mjukuu ni mbili tu: bibi akijaribu namba ya laini mara mbili ikakataa, asimame. PUK kwa kawaida huwa imechapishwa kwenye kadi kubwa iliyotolewa na laini siku iliponunuliwa, na kampuni inaweza kumpa mwenye laini akijitambulisha. Namba ya simu ina uvumilivu zaidi: ikikosewa inamsubirisha mtu, nusu dakika kwanza kisha zaidi, nayo si ya kubahatisha pia.

Na kuna siri ya tatu, ya hela. Hiyo haiombwi popote katika kazi hii. Mtoto anaweza kuhitaji namba ya kufungulia simu ili amsaidie bibi, lakini namba ya siri ya hela asiombwe wala asipewe, hata akiwa mtoto mwema wa jirani mwema. Mjukuu aseme hivyo kwa sauti, wakisikia wote: "Bibi, mtu yeyote akikuomba namba ya siri ya hela leo ili akutengenezee simu, hata akipiga akisema anatoka kwenye kampuni, kata." Akisema mbele ya mtoto na mama yake, hakuna atakayejiona ametuhumiwa baadaye.

Jambo dogo la kumwandaa bibi: kabla hajaandika namba ya kufungulia, simu ikiita itaonyesha namba tupu badala ya jina, na WhatsApp itakuwa kimya. Majina yamefungiwa ndani mpaka simu ifunguliwe. Asipoambiwa, ataona tarakimu asizozijua na kuamini kwamba watu wake wote wamefutika. Akiandika namba, majina yanarudi.

Mjukuu anamkumbusha: mwaka aliozaliwa mama. Tarakimu nne. Simu inafunguka. "Bibi, sasa usiipigie kwanza ile harusi, mpigie mama." Na bibi anampigia binti yake.

Ingekuwaje kama kubana kusingezaa kitu? Kioo kingebaki vilevile baada ya nusu dakika mara mbili, au kingekuwa cheusi tangu mwanzo. Cheusi kabisa kinaweza kuwa betri iliyokauka hadi mwisho: chaji nzuri, nusu saa bila kuigusa, kisha ubane tena. Kilichoganda kikiwaka na kikakataa kuzima, kiache hadi betri iishe yenyewe, chaji, washa. Lakini kagua mgongo wa simu kwanza. Ukiwa umevimba, kava halikai tena, au simu ni ya moto japo ilikaa kivulini muda mrefu, isichajiwe wala kubanwa. Iwekwe mbali na kitanda na ipelekwe kwa fundi. Na kioo kilichopasuka, kilichochora mistari au kuvuja doa jeusi pembeni hakitatibiwa na ujumbe wowote. Simu iliyotumbukia maji haitaki mchele wala jiko, inataka kuzimwa na kukaushwa kwa hewa, na chaji isikaribie.

Kwa fundi, bibi aende na mtu na laini ikiwa imetolewa. Kuna tundu mbili ndogo kwenye simu zinazofanana, moja ya kutolea kisahani cha laini na nyingine ya kipaza sauti. Ile ya laini ina mstari wa kifuniko kuizunguka. Kuichoma nyingine kwa sindano kutambadilishia bibi tatizo moja kwa mawili. Fundi aambiwe mapema: asiiflashi bila idhini ya mjukuu. Kuiflashi huiponya simu kwa kufuta kila kilichomo, na fundi mwenye foleni hupenda njia hiyo kwa sababu ni ya haraka.

Wakati simu iko kwa fundi, laini iingie kwenye kitochi. Laini za sasa ni ndogo kuliko tundu la kitochi cha zamani, zinahitaji kifremu cha plastiki ambacho wauza simu wanacho. Tatizo ni majina: siku hizi huhifadhiwa kwenye simu au kwenye akaunti ya Google, si kwenye laini, kwa hiyo kitochi kitawaka kikiwa hakimjui mtu. Hapo ndipo karatasi inapohitajika. Namba nne au tano, wino mweusi, tarakimu kubwa zilizoachana kwa mafungu matatumatatu, zibandikwe ndani ya mlango wa kabati la bibi: binti, mjukuu, jirani, zahanati.

Kwa simu ya Pangani kazi imebaki moja, na inaweza kusubiri hadi mjukuu aende Idi. Ilikwama kwa sababu stoo ya GB 32 ilikuwa imejaa video za kundi la ukoo. Google inasema simu huanza kusumbua nafasi iliyobaki ikishuka chini ya asilimia 10, na kwa simu hii hiyo ni kama GB 3. Ndani ya WhatsApp afungue "Settings", kisha "Storage and data", kisha "Manage storage". Hapo mafaili yamepangwa kwa mafungu, likiwemo "Larger than 5 MB" na "Forwarded many times", na la pili limejaa vitu ambavyo bibi hakuomba. Wakae pamoja, bibi aseme lipi libaki. Halafu kwenye ukurasa uleule wa "Storage and data", sehemu ya "Media auto-download", aondoe alama kwenye video, ili kila harusi isubiri mpaka bibi aiguse mwenyewe ndipo iingie.